Kuhakiki cheti cha usajili wa shirika: maana yake na namna unavyofanywa

Picha ya cheti iliingia kwenye simu yangu jioni, imepigwa kwa kuinamisha kidogo, kona ya chini imekatwa. Mimi ndiye mhazini wa umoja wetu wa watu 31 tuliosoma pamoja, na mwaka ule tulikuwa tumekusanya shilingi milioni 4 za kusaidia kituo kimoja kinacholea watoto. Nembo ya taifa ilikuwepo, na muhuri, na saini, na jina la kituo kwa herufi kubwa. Nikaisambaza kwenye kundi letu na kuandika kwamba wamesajiliwa, kesho natuma fedha. Mwenzetu mmoja, mkaguzi wa hesabu kwa kazi yake, akajibu kwa swali moja tu: "Hicho cheti kimetolewa na nani?"

Ndani ya swali hilo ndimo ilimo maana ya kuhakiki cheti. Cheti ni karatasi inayosema kwamba siku fulani, msajili fulani, chini ya sheria fulani, aliandika jina fulani kwenye daftari lake. Kuhakiki ni kurudi kwenye daftari lenyewe kuona kama jina bado limo, kisha kuona kama unayemkabidhi fedha ndiye huyo aliyeandikwa. Anayeitazama karatasi akaridhika kwamba muhuri unasomeka bado hajahakiki kitu.

Swali la nani aliyekitoa lina uzito kwa sababu Tanzania Bara haina msajili mmoja wa mashirika. Mashirika yasiyo ya kiserikali yako chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, na Msajili wake yumo katika wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Jumuiya za kidini na vyama vingi vya wanachama huandikishwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Bodi za wadhamini husajiliwa RITA. Kampuni husajiliwa BRELA, na vikundi vidogo vya kijamii huandikishwa na halmashauri. Vyeti vyote hivi vina nembo na muhuri, na vyote vinaweza kuwa halali. Ila kila kimoja kinasema jambo lake.

Cha kituo kile kilikuwa cha BRELA, cha mwaka 2013. Nilipokikuza kwenye skrini nikaona kilichonipita mara ya kwanza: kilisema kwamba jina lile limeandikishwa kama kampuni. Si uongo wala si kughushi. Zamani asasi nyingi zisizogawana faida zilijisajili hivyo, kama kampuni zisizo na hisa, ambazo wanachama wake huweka dhamana badala ya mtaji. Mwaka 2019 sheria zilirekebishwa. Kampuni za aina hiyo ambazo lengo lake si biashara zilipewa miezi miwili kuhamia kwa msajili anayestahili. Kwa hiyo asasi inayokuonyesha leo cheti cha kampuni cha kabla ya mwaka huo, na ikakwambia yenyewe ni shirika lisilo la kiserikali, inakuonyesha ilikotoka tu. Bado unahitaji kuona ilikofikia. Ukiniuliza ni kosa gani linalowapata watu waaminifu zaidi ya mengine katika jambo hili, nitakutajia hili: cheti halisi kabisa kinachopokelewa kana kwamba ni kingine.

Nikamwandikia mkurugenzi kwa adabu. Nikamwomba cheti cha Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, picha kamili ya pande zote nne, pamoja na katiba. Hakukasirika. Baada ya siku mbili akatuma. Cheti kilikuwa cha mwaka 2020, chenye namba ya usajili na ngazi ya wilaya.

Hapo kuna mambo matatu ya kusoma polepole. La kwanza ni namba. Msajili ana mfumo wa taarifa mtandaoni, nis.jamii.go.tz, na ndiko pa kuanzia. Tafuta kwa jina, kisha linganisha namba. Usiridhike na jina peke yake, maana mtu anayetaka kudanganya hachagui jina la ajabu. Huchukua cheti cha shirika lililopo, akafuta jina na kuandika lake, au akajiita jina linalofanana na la shirika linaloaminika kwa tofauti ya neno moja. Namba ikirudisha jina lingine, umeshapata jibu. Jina likionekana kwa namba tofauti, omba maelezo kabla ya kuendelea. Kwenye picha yenyewe, tazama kama herufi za jina zina unene na mstari sawa na herufi za maneno mengine. Jina lililobandikwa juu ya jingine mara nyingi hukaa juu kidogo au chini kidogo ya mstari wake.

La pili ni tarehe. Tangu marekebisho ya 2019, cheti cha usajili wa shirika lisilo la kiserikali kina uhai wa miaka 10, kisha huhuishwa. Cha mwaka 2020 kinafika 2030. Lakini kuwa ndani ya muda hakutoshi, kwa sababu shirika linatakiwa pia kupeleka kwa Msajili taarifa ya kila mwaka na kulipa ada ya mwaka, na linaloshindwa kutimiza masharti linaweza kusimamishwa au kufutwa. Karatasi iliyo ukutani haifutiki pamoja nalo, itabaki ikining'inia na muhuri wake. Ndiyo maana naomba vitu viwili vidogo: stakabadhi ya ada ya mwaka uliopita na nakala ya taarifa ya mwaka iliyopokelewa. Shirika lililo hai huwa navyo kwenye faili, na kuvituma ni kazi ya dakika chache. Ukiambiwa vitatafutwa, kisha wiki mbili zikapita kimya, weka fedha yako kando.

La tatu ni ngazi. Usajili unaweza kuwa wa wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Kituo chetu kilikuwa cha wilaya, na watoto walikuwa wilaya ileile, basi hapo hapakuwa na shida. Ingekuwa taabu kama tungetaka kuingia nacho ubia wa kugawa madaftari katika mikoa mitatu. Shirika lingekuwa limetia saini kazi iliyo nje ya eneo lake, na lawama ingetufikia na sisi.

Kama mtandao hauonyeshi kitu au unaonyesha nusu, iko njia ya miguu ambayo naiamini kuliko skrini. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri husika, huko ndiko waliko wasajili wasaidizi wa ngazi ya wilaya. Afisa anayeshughulikia mashirika huyajua ya eneo lake kwa majina na kwa nyuso. Mimi nilimwomba rafiki anayeishi karibu apite akiwa na nakala ya cheti. Afisa alilitambua jina, akathibitisha namba, halafu akauliza swali ambalo sisi 31 hatukuwa tumelifikiria: "Leseni ya makao mmeiona?"

Cheti cha usajili kinalipatia shirika uwepo wa kisheria. Linaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, kuingia mkataba. Hakiliruhusu kufanya kila kazi iliyotajwa kwenye katiba yake. Kulaza watoto usiku na mchana ni kazi inayosimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na makao ya watoto yanahitaji leseni kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Vivyo hivyo zahanati ina kibali chake, na shule ina usajili wake. Wala cheti hakisemi lolote kuhusu kodi. Kutambuliwa na TRA kama taasisi ya hisani ni uamuzi wa pekee wa Kamishna wa mapato, wenye barua yake. Kampuni inayotarajia mchango wake uhesabiwe katika hesabu za kodi iombe barua hiyo, isitegemee cheti.

Leseni ya kituo ilikuwepo, ina jina lilelile na mahali palepale. Ikabaki hatua ya mwisho, ambayo watu wengi hufika wakiwa wamechoka kuuliza: kuunganisha cheti na fedha. Mkurugenzi alikuwa ametupa namba ya simu ya kupokelea mchango. Nilipoiingiza, kabla ya kuweka namba ya siri, likatokea jina la mtu binafsi, lake mwenyewe. Nikaghairi. Kila tulichokuwa tumekihakiki kilikuwa cha shirika, na fedha ingeingia kwa mtu ambaye hakuna daftari lolote tulilomsoma. Inawezekana kabisa kuwa alikuwa na nia njema, maana vituo vidogo huendeshwa hivyo kila siku. Lakini fedha ikishaingia kwenye mfuko wa mtu, mkaguzi wa shirika haioni na wewe huna pa kuidai.

Tukaomba akaunti ya benki yenye jina la shirika, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti, na barua yenye majina ya wanaotia saini kwenye akaunti hiyo. Tuliyalinganisha na orodha ya viongozi tuliyoletewa pamoja na katiba. Mmoja wa watia saini hakuwa kwenye orodha. Maelezo yalikuwa kwamba katibu wa zamani alihama na nafasi yake ikajazwa, na muhtasari wa kikao cha kumchagua mpya ukaletwa. Hilo lilitutosha kwa mchango wa mara moja. Kwa ubia wa miaka miwili nisingekubali. Ningetaka mabadiliko ya viongozi yawe yameshafikishwa kwa Msajili, kwa kuwa anayetia saini mkataba lazima awe mtu ambaye shirika limemtambulisha rasmi. Kwenye mikataba mikubwa kuna jambo lingine: kanuni zilizotolewa mwaka 2018 ziliweka sharti kwamba mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mbia anayekwambia hajawahi kulisikia sharti hilo anakupa habari muhimu kuhusu jinsi anavyoendesha ofisi yake.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na msajili wake, na cheti cha huko huhakikiwa huko. Kenya nako sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuiondoa ile ya 1990, kwa hiyo cheti cha zamani cha huko nacho lazima kiulizwe kimehamia wapi.

Kwa kituo chetu kazi nzima ilichukua siku 19. Tulituma shilingi milioni 2 kwanza, kwenye akaunti ya shirika. Stakabadhi ikarudi baada ya siku tatu, ina namba ya usajili ileile iliyo kwenye cheti, na mwezi uliofuata tukatuma zilizobaki.