Namba 300 au namba 900?

"Binti yangu kapata vyuo viwili vya udaktari ng'ambo: kimoja cha 300 duniani, kingine cha 900. Si dhahiri aende cha 300?"

Hapana, mama, hasa kama anataka kurudi kutibu watu katika hospitali ya Maweni, hapa Kigoma. Tazama namba hiyo inapikwaje. Katika orodha ya QS, mojawapo ya zile zinazopanga vyuo vya dunia kwa namba, sifa ya chuo machoni pa wanataaluma ina uzito wa 30%, na tafiti zake kunukuliwa na wengine 20%. Hakuna anayehesabu wajawazito ambao mwanafunzi amewazalisha kwa mkono wake.

Akirudi, TCU, tume ya vyuo vikuu nchini, itauliza kama chuo na shahada vinatambuliwa. Baraza la Madaktari litataka afaulu mtihani wao kabla ya mafunzo kazini. Hakuna atakayeuliza namba. Kwa hiyo andikieni TCU kabla ya kulipa ada, kisha ulizeni vyuo vyote viwili: anaingia wodini mwaka wa ngapi, na wagonjwa wanaongea lugha gani? Cha 900 kikimpeleka wodini mapema, mimi ningekichukua.

Angetaka utafiti Ulaya, hapo ningeiangalia namba, tena ya fani yake, si ya chuo kizima.