Ergotamini na kipandauso: maswali kuhusu dawa isiyopenda kuchanganywa

Ergotamini imenisaidia kwa miaka. Sasa daktari anataka kunihamishia triptani. Kama zote zinabana mishipa ya kichwani, tofauti iko wapi?

Tofauti iko katika mishipa mingine, ile isiyohusika na kichwa. Triptani, kwa mfano sumatriptani, ilitengenezwa kwa makusudi ishike aina chache tu za vipokezi vya serotonini, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hiyo ya mwili, hasa vile vilivyo kwenye mishipa ya damu na neva za kichwani. Haiko salama kabisa, ndiyo maana mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hapewi, lakini walau inajua inakokwenda. Ergotamini haichagui hivyo. Inashika vipokezi hivyo hivyo, kisha inashika vya adrenalini na vya dopamini pia. Matokeo yake mishipa ya mikono, miguu, moyo na utumbo nayo husinyaa, na kichefuchefu ambacho kipandauso chenyewe hukileta kinazidi.

Tofauti ya pili ni muda. Sumatriptani nyingi huwa imeondoka mwilini baada ya nusu siku. Ergotamini nayo hupungua kwenye damu mapema, lakini hubaki imeng'ang'ania kwenye kuta za mishipa, na mishipa inaweza kuendelea kubanwa kwa saa 24 au zaidi. Kwa hiyo mtu aliyemeza asubuhi na kupona mchana, jioni bado yuko chini ya dawa ingawa hahisi chochote.

Asili yake inaeleza mengi. Hutoka kwenye kuvu anayeota juu ya nafaka iitwayo rai. Katika Ulaya ya zamani, watu waliokula mkate wa rai yenye kuvu huyo waliungua viungo kwa maumivu, vidole vikawa vyeusi na kukatika, wakauita ugonjwa huo Moto wa Mtakatifu Antoni. Mwaka 1918 mkemia Arthur Stoll aliitenga ergotamini kutoka kwenye kuvu huyo. Dawa iliyo kwenye kidonge chako ni mojawapo ya sumu zile zile, ila imepimwa. Kinachoilinda isirudi kuwa sumu ni kipimo, na kipimo hicho kinategemea sana ini lako, kama utakavyoona katika jibu linalofuata.

Nina maambukizi ya kifua, nimeandikiwa klarithromaisini. Ni siku saba tu. Siwezi kuendelea na ergotamini kichwa kikinishika?

Hapana. Katika siku hizo saba usimeze hata kidonge kimoja.

Ukimeza ergotamini, sehemu kubwa mno huvunjwavunjwa kwenye utumbo na ini kabla ya kufika kwenye damu ya mwili mzima. Kinachopenya ni chini ya asilimia 5. Kidonge cha kawaida kina miligramu 1 ya ergotamini pamoja na kafeini miligramu 100, na waliopanga kipimo hicho walishahesabu kwamba karibu yote itapotea njiani. Kazi ya kuivunja inafanywa na kimeng'enya kimoja, CYP3A4. Klarithromaisini inakizuia kimeng'enya hicho. Ghafla lango limeachwa wazi, na kidonge kile kile ulichokizoea kinaingiza kwenye damu kiasi cha mara nyingi zaidi. Hukuongeza dozi, lakini mwili umepokea dozi nyingine kabisa.

Erithromaisini hufanya hivyo hivyo. Kadhalika dawa za fangasi za kumeza kama ketokonazoli, itrakonazoli na vorikonazoli. Balungi na juisi yake pia huzuia kimeng'enya hiki kwenye utumbo, kwa hiyo achana nayo. Na ukimaliza antibiotiki, usirukie ergotamini siku hiyo hiyo: mwili huhitaji siku kadhaa kutengeneza kimeng'enya kipya. Mwambie aliyekuandikia kwamba unatumia ergotamini, kwa kuwa mara nyingi ipo antibiotiki nyingine isiyogusa CYP3A4 kwa nguvu hiyo.

Sumatriptani huvunjwa kwa njia nyingine, hivyo klarithromaisini haiiongezi namna hii. Lakini usidhani ni triptani zote: eletriptani hutegemea CYP3A4 hiyo hiyo, nayo haichanganywi na vizuizi hivi.

Ninatumia ARV. Mfamasia aliniuliza kama ninameza dawa za kichwa, sikuelewa anatafuta nini.

Alikuwa anatafuta ergotamini, na aliuliza swali la maana kuliko yote. Baadhi ya mipango ya ARV ina ritonaviri au kobisistati. Dawa hizi mbili huwekwa humo kwa kazi ya kuzuia CYP3A4, ili dawa mwenzake isivunjwe haraka. Yaani kizuizi si madhara ya bahati mbaya, ndiyo kazi yenyewe, na kinafanya kazi kila siku. Ritonaviri imo pia kwenye dawa ya vidonge ya kutibu UVIKO-19 inayoitwa Paxlovid.

Tuseme mwanamke wa miaka 38 anameza atazanaviri pamoja na ritonaviri kila siku. Kipandauso kinamshika Jumamosi, ndugu yake anampa vidonge viwili vya ergotamini vilivyobaki nyumbani. Kichwa kinapoa. Jumapili vidole vya miguu vinamchomachoma kama vimelaliwa, anadhani ni viatu. Jumatatu miguu yote miwili ni ya baridi hadi kwenye kifundo, imepauka, na akitembea hatua chache misuli ya mashavu ya miguu inambana hadi asimame. Hakuzidisha dozi na hakurudia. Vidonge viwili vya mara moja vimetosha, na ripoti za kitabibu za wagonjwa wa aina hii zipo, wengine walipoteza vidole au mguu.

Ikiwa hujui ARV zako zina nini, soma jina kwenye kopo na ulitaje kwa mfamasia kabla ya kununua dawa yoyote ya kipandauso. Na ukionana na mtu wa huduma ya meno, ngozi au kifua, taja zote mbili, ARV na dawa ya kichwa. Hatari hii mara nyingi huzaliwa pale ambapo kila mtaalamu ameona nusu tu ya orodha.

Nitajuaje kwamba imeanza kunidhuru?

Anza na vidole. Ganzi, kuchomachoma, ubaridi usioondoka hata ukijifunika, weupe au ubuluu wa kucha. Kisha maumivu ya mashavu ya miguu unapotembea yanayokoma ukisimama. Ukigusa upande wa juu wa unyayo, mahali ambapo kwa kawaida mapigo husikika, unaweza kuyakosa. Yanaweza kutokea pia maumivu ya kifua, au maumivu makali ya tumbo, maana mishipa ya moyo na utumbo haikusamehewa.

Dalili hizi zikitokea, acha dawa papo hapo na nenda hospitali siku hiyo hiyo, tena chukua kopo au pakiti za kila unachokimeza. Usikande mguu kwa maji ya moto: una ganzi, hutahisi ukiungua, na ngozi isiyopata damu huharibika upesi. Hospitalini kuna dawa za kufungua mishipa na za kuzuia damu kuganda, lakini zinafaa mapema, kabla nyama haijafa.

Uvutaji wa sigara huongeza kubanwa huku. Propranololi nayo huweza kuongeza kubanwa huko, na hapa kuna mtego, kwa sababu propranololi ni dawa inayotolewa sana kuzuia kipandauso chenyewe. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili na kuona ni jambo la kawaida.

Triptani ikishindwa, naruhusiwa kuongeza ergotamini juu yake?

Si katika siku hiyo. Zote mbili zinabana mishipa, na zikikutana nguvu zinajumlika. Ukishameza ergotamini, subiri saa 24 kabla ya triptani yoyote. Ukianza na triptani, kanuni hutofautiana kidogo kati ya triptani moja na nyingine, kwa hiyo mpango salama wa kukumbuka ni saa 24 pande zote mbili. Andika saa uliyomeza. Mtu mwenye kipandauso hakumbuki vizuri.

Mimi ni mjamzito. Na mume wangu ana presha, yeye je?

Wewe usiimeze kabisa: inabana mji wa mimba na kupunguza damu inayomfikia mtoto. Anayenyonyesha pia haimfai. Mumeo, kama presha haijadhibitiwa, vivyo hivyo, na orodha hiyo inamhusu pia mwenye ugonjwa wa moyo, mishipa ya miguu, ini au figo.

Ninameza vidonge viwili, siku tano kwa wiki. Karatasi inasema mwisho ni kumi kwa wiki, kwa hiyo sijavuka. Mbona kichwa kinauma karibu kila asubuhi?

Hesabu yako ya vidonge ni sahihi, ila kinachokudhuru hapa ni siku. Viwili kwa siku tano ni miligramu 10 kwa wiki, ndani ya mpaka ulioandikwa. Lakini siku tano kwa wiki ni kama siku 20 kwa mwezi. Ergotamini ikitumika siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Triptani ina mpaka huo huo wa siku 10. Dawa za kawaida kama parasetamoli zikitumika peke yake, ni siku 15.

Ndivyo unavyoamka na kichwa kizito: dawa ya jana inaisha, kichwa kinaidai, unameza, kinanyamaza, na kesho yake kinarudi. Kafeini iliyomo inakaza fundo hilo. Kipandauso halisi kwa kawaida huja, hukaa saa kadhaa hadi siku tatu, kisha huondoka. Hiki chako hakina mapumziko, na kimepoteza zile alama zake za mwanzo.

Tiba ni kuiacha, na daktari awe anajua, hasa kwa kipimo kama chako. Kichwa kitauma zaidi kabla ya kupoa. Huanza ndani ya siku moja au mbili, pamoja na kichefuchefu, kutapika na usingizi mbovu, na huweza kuchukua wiki nzima. Watu wengi hurudi kwenye kidonge siku ya pili au ya tatu kwa kudhani kipandauso kimezidi. Daktari anaweza kukupa dawa ya kuzuia kutapika, dawa nyingine ya maumivu kwa siku hizo chache, na mara nyingi huanzisha dawa ya kinga. Usijaze pengo hilo kwa triptani kila siku, utakuwa umebadilisha tu jina la dawa unayoidai. Weka daftari la siku, si la vidonge: siku kichwa kilipouma, siku uliyomeza, na ulichomeza. Daktari akiliona daftari la miezi miwili, ataona wapi kipandauso kinaishia na wapi dawa inaanzia.