Sparta haikuishinda Athene kwa mkuki

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha insha nikaikuta tena: "Sparta ilishinda kwa sababu askari wake walikuwa bora kuliko wa Athene." Nimeisoma sentensi hii kwa miandiko ya kila aina, mwaka hadi mwaka, na safari hii nimeona niijibu kwa kirefu. Kwamba askari wa miguu wa Sparta walikuwa bora, ni kweli. Waathene walilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana hawakutoka kupambana nao. Vita vya Peloponesi kati ya miji hiyo miwili, vilivyoanza mwaka 431 KK, vilichukua miaka 27 kwa sababu jeshi bora kuliko yote ya Ugiriki halikuwa na mtu wa kupigana naye.

Chanzo nitakipitia haraka. Mwaka 433 KK Athene iliingia mkataba na kisiwa cha Kerkira, kilichokuwa na ugomvi na Korintho, na Korintho ilikuwa mshirika mkubwa wa Sparta. Ukafuata mgogoro wa Potidaia, mji ulioanzishwa na Wakorintho lakini ukilipa kodi Athene, kisha marufuku ya wafanyabiashara wa Megara katika bandari za Athene na washirika wake. Mwaka 432 KK Wakorintho walikwenda Sparta na maneno makali: kama hamtusaidii, tutatafuta washirika wengine.

Thukidides, aliyeishi wakati huo na kuiandika habari hii, anasema sababu ya kweli ni hofu ya Sparta kwa nguvu za Athene zilizokuwa zikikua. Nimeifundisha kauli hiyo miaka yote, lakini moyoni naiona inabeba mzigo mkubwa mno. Sparta ilikuwa imekaa na Athene yenye nguvu kwa zaidi ya miaka kumi chini ya mkataba wa amani. Kwa maoni yangu, kilichoisukuma mwaka ule ni hofu ya kuwapoteza washirika wake kuliko hofu ya Athene yenyewe.

Tazama mkutano wenyewe wa Wasparta wa kuamua juu ya vita. Mfalme Arkidamos, mtu mzima mwenye uzoefu, aliwaambia Wasparta wenzake wasikimbilie vita: hatuna merikebu za kutosha, hatuna fedha, na nachelea tutawarithisha watoto wetu vita hivi. Akasimama Sthenelaidas, mmoja wa maefori, yaani wakuu wa serikali ya Sparta, akaitisha kura. Sparta ilipiga kura kwa kupaza sauti. Yeye akadai hakutambua ni upande upi uliopiga kelele zaidi, akawaamuru wajitenge: wanaoona mkataba umevunjwa wakae huku, wasioona hivyo wakae kule, kila mtu aonekane na wenzake. Wengi wakaenda upande wa vita. Arkidamos akalazimika kuongoza vita alivyovipinga.

Sasa njoo kwenye kuta. Kutoka mji wa Athene hadi bandari ya Pirea ni kiasi cha kilomita sita, na njia yote ilikuwa imezungushiwa kuta ndefu pande mbili. Perikles, kiongozi wa Athene, aliwaambia wananchi waache mashamba, waingie ndani, wale nafaka inayoletwa kwa bahari. Wasparta walifika, wakakata mizabibu, wakachoma nyumba za mashambani, wakarudi kwao. Uvamizi wao mrefu kuliko yote ulichukua siku 40 hivi. Nyumbani walikuwa wamewaacha maheloti, watumwa wa ardhi waliowazidi wenyewe kwa wingi, na mwenye watumwa wengi namna hiyo hakai mbali muda mrefu.

Kuta hizo hizo zilisaidia tauni ya mwaka 430 KK kuwashika watu waliosongamana ndani, na mwaka uliofuata Perikles mwenyewe akafa. Hata hivyo mji haukuanguka. Merikebu zilikuwa majini na nafaka ilikuwa inafika.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wanaporuka, nami nawaomba wasiruke: fedha. Merikebu moja ya vita ilichukua watu 200, karibu 170 kati yao wakiwa wapiga makasia. Mpe kila mmoja drakma moja kwa siku, na kwa siku 30 umetoa drakma 6,000, yaani talanta moja. Talanta moja, merikebu moja, mwezi mmoja. Peleka merikebu 100 baharini kwa miezi sita, umemaliza talanta 600. Hicho ndicho kiasi ambacho, kwa maneno ya Perikles, washirika waliilipa Athene kwa mwaka mzima. Ghalani mlikuwa na talanta 6,000 vita vilipoanza, na kuuzingira mji mmoja tu wa Potidaia kuligharimu talanta 2,000.

Kwa hiyo Athene haikuweza kuufikia moyo wa Sparta nchi kavu, na Sparta haikuweza kuufikia moyo wa Athene baharini. Mwaka 425 KK Waathene waliwateka watu 292 katika kisiwa cha Sfakteria, kiasi cha 120 wakiwa Wasparta wenye uraia kamili, na Sparta ikaomba amani kwa ajili ya hao wachache. Athene ikakataa. Amani ilikuja mwaka 421 KK, pande zote zikiwa hoi, na haikushika. Kisha Athene ikapeleka jeshi kubwa Sirakusa, mji wa kisiwa cha Sisilia, na mwaka 413 KK likaangamia lote huko. Hata baada ya pigo hilo ilipigana miaka tisa mingine! Anayesema mkuki wa Sparta ndio ulioamua, anieleze miaka hiyo tisa.

Kilichobadilika ni kwamba Uajemi ilifungua mfuko. Mwaka 407 KK Lisandros, jemadari wa majini wa Sparta, alikwenda Sardi kuonana na Koreshi, mwana mdogo wa mfalme wa Uajemi, aliyefika na talanta 500. Wakati wa karamu Koreshi alimwuliza angependa kufanyiwa nini. Lisandros akajibu: umwongezee kila baharia oboli moja kwa siku, yaani sehemu ya sita ya drakma. Ujira ukapanda kutoka oboli tatu hadi nne. Ombi hilo dogo lilikuwa na uzito kuliko gwaride lolote la Sparta, kwa sababu wapiga makasia wengi walikuwa watu wa kukodiwa, na mtu wa kukodiwa humfuata anayelipa vizuri zaidi. Tena Sparta sasa iliweza kupoteza merikebu na kujenga nyingine, Athene haikuweza.

Mwaka 405 KK, pale Aigospotami kwenye mlango wa bahari wa Helesponti, Lisandros alizikuta merikebu za Athene zimevutwa ufukoni na mabaharia wametawanyika kutafuta chakula. Akateka karibu zote, kiasi cha 170, kwa mapigano kidogo sana. Njia ya nafaka ya Athene, iliyopita hapo, ikafungwa. Athene ikavumilia njaa mpaka mwaka 404 KK, ikasalimu amri, na kuta zikabomolewa huku wasichana wakipiga filimbi.

Deni la Sparta kwa Uajemi halikufutika. Bei yake ilikuwa miji ya Wagiriki wa Asia, na Sparta ilipojaribu kuikwepa, Uajemi ikaanza kuwalipa maadui wa Sparta, Athene ikiwemo. Mwaka 386 KK wajumbe wa miji ya Ugiriki waliitwa mbele ya liwali wa Uajemi. Akawaonyesha muhuri wa mfalme, kisha barua ikasomwa kwa sauti: miji ya Asia ni yangu, na atakayeikataa amani hii nitampiga vita, kwa nchi kavu na kwa bahari, kwa merikebu na kwa fedha. Aliyekwenda Uajemi kuileta amani hiyo alikuwa Msparta, Antalkidas.