"Nesi, maziwa yangu hayatoshi": tuanze kwa kumfungua mtoto blanketi

Wiki ya Unyonyeshaji Duniani huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti. Kwa sisi wa Mbeya inaishia mkesha wa kilele cha Nane Nane, baridi ikiwa bado kali asubuhi na jioni. Mwaka huu nimeamua niandike kuhusu jambo moja tu, lile ninalolisikia kuliko yote kwenye kliniki ya mama na mtoto. Mama anaingia na kichanga cha wiki moja au mbili, anakaa, na kabla sijamuuliza chochote anasema: "Nesi, maziwa yangu hayatoshi."

Mara nyingi maziwa yapo. Tatizo ni kwamba hayatoki kwenda kwa mtoto. Na huku kwetu nyanda za juu, baridi ina mkono wake katika hilo.

Nitaeleza kwa mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Tumpe, ingawa si jina lake. Alikuja na mama mkwe wake mtoto akiwa na siku tisa. Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, na siku hiyo mizani ilisoma kilo 2.95. Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, hata asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa kuzaliwa, lakini kufikia siku ya tano mtoto anapaswa awe ameanza kupanda, na akitimiza wiki mbili awe amerudi alipoanzia. Huyu alikuwa bado hajaanza kupanda. Analia kila jioni, mama ana michubuko kwenye chuchu zote mbili, na bibi amekuja na chupa ya chai yenye uji mwepesi wa ulezi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amemwonea mjukuu wake huruma.

Nikamwomba mama anyonyeshe nikiwa naangalia. Mtoto alikuwa na fulana, sweta mbili, kofia, na blanketi nzito iliyofungwa hadi kidevuni. Alilazwa chali mapajani, kichwa kikageuzwa pembeni kufuata titi. Ebu jaribu kumeza maji ukiwa umegeuza shingo hivyo. Akaishika chuchu peke yake kwa ncha ya mdomo, akanyonya haraka haraka huku mashavu yakibonyea, ukasikika mlio wa "tsk, tsk", na baada ya dakika chache akasinzia. Mama alikuwa ameuma meno kwa maumivu.

Mtoto aliyefungwa namna ile anakosa vitu viwili. Kwanza, hawezi kusogea karibu, kwa sababu kati ya tumbo lake na tumbo la mama kuna blanketi nene. Pili, joto humlaza. Kichanga aliyepata joto zuri husinzia kabla hajashiba, na watu wa nyumbani wakimwona ametulia wanadhani ametosheka. Saa moja baadaye anaamka na njaa ileile.

Basi tukaanza upya. Tulivua blanketi na sweta moja. Mama akakaa ameegemea vizuri, tukamgeuza mtoto mwili mzima amwelekee yeye, tumbo kwa tumbo, kichwa na mgongo vikiwa kwenye mstari mmoja, kisha blanketi ikawafunika wote wawili kwa juu. Mtoto wa namna hii hapati baridi, kwa sababu mwili wa mama ndio unaompa joto. Pua ya mtoto ikawa mkabala na chuchu. Mama akamgusa nayo mdomo wa juu, akasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wanapokosa uvumilivu. Mtoto alipoachama kama anayepiga miayo, mama akamvuta kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi. Mama akiinama kumfuata, mgongo utamuuma na mtoto atarudi kushika ncha.

Ukitaka kujua kama ameshika vizuri, angalia mdomo: umefunguka sana, mdomo wa chini umebinuka kwa nje, kidevu kimegusa titi, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi upande wa juu kuliko wa chini. Kisha sikiliza. Ananyonya mara chache haraka, halafu taratibu na kwa kina, anatulia kidogo, unasikia anameza. Maumivu yakiendelea baada ya mivuto michache ya mwanzo, ingiza kidole safi kwenye kona ya mdomo wake ili aachie, mwanze tena. Usimvute kwa nguvu, chuchu itachanika zaidi. Kwa michubuko, kamua matone ya maziwa yako uyapake baada ya kunyonyesha, yaache yakauke. Usioshe chuchu kwa sabuni.

Ikabaki kuzungumza na bibi kuhusu uji. Nilimuuliza kama nyumbani wana ng'ombe. Wapo, Rungwe ng'ombe wa maziwa ni sehemu ya maisha. Nikamuuliza ng'ombe asipokamuliwa maziwa yote yakaisha inakuwaje. Akacheka, akasema, "Anapunguza." Ndiyo hivyo hivyo. Titi likinyonywa likalegea, mwili unapata ujumbe wa kutengeneza mengine. Likibaki limejaa, utengenezaji unapungua. Mtoto akipewa uji au maji, tumbo lake dogo linajaa, ananyonya mara chache, titi linabaki limejaa, na baada ya siku kadhaa maziwa yanapungua kweli. Ndipo watu husema, "Si tulisema?" Isitoshe, maji na uji ni njia rahisi ya vijidudu vya kuhara kumfikia mtoto ambaye utumbo wake bado mchanga. Kwa miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama yanamtosha bila hata maji, isipokuwa dawa au matone aliyoandikiwa na mtoa huduma.

Uji tukaukabidhi kwa mwenyewe. Mama Tumpe alikunywa kikombe kizima pale pale.

Mpango wetu ulikuwa huu: anyonyeshe angalau kila baada ya saa tatu, usiku nao umo, hata ikibidi kumwamsha mtoto, ili kwa saa 24 afike mara 8 hadi 12. Titi moja liishe kwanza ndipo ampe la pili. Na kwa kuwa uzito ulikuwa umeshuka, baada ya kila mnyonyo akamue kwa mkono, amnyweshe mtoto hayo kwa kikombe kidogo safi. Chupa ya chuchu tuliiacha, kwa kuwa ni ngumu kuisafisha na inaweza kumvuruga mtoto anayejifunza kushika titi. Siku mbili baadaye mizani ilisoma kilo 3.01. Siku ya 16 alikuwa na kilo 3.22, tukaanza kupunguza vikombe. Mtoto anayekwenda vizuri huongezeka wastani wa gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo huyu alikuwa anafidia.

Nyumbani huna mizani, lakini nepi unazo. Kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake hauna rangi kali. Choo cheusi cha siku za mwanzo kinageuka kijani, kisha cha njano kufikia siku ya nne au ya tano. Hizo ndizo dalili za kuaminika. Kulia peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Watoto wengi hutaka kunyonya mfululizo jioni, na kuna vipindi, kwa mfano karibu na wiki ya tatu na ya sita, ambapo hunyonya kama hawashibi kwa siku mbili tatu. Matiti kulegea baada ya wiki chache nako hakumaanishi yamekauka, mwili umeshazoea kiasi anachohitaji mtoto.

Kwa baba na ndugu wa nyumbani nina ombi dogo. Homoni inayosukuma maziwa yatoke, oksitosini, huchelewa mama akiwa na maumivu, hofu au wasiwasi. Kumwambia kila jioni "mtoto ana njaa, wewe huna maziwa" kunaweza kuchelewesha maziwa hayo hayo. Kuni, maji na nguo za mtoto zichukuliwe na wengine. Usiku wa baridi baba anaweza kumleta mtoto kitandani na kumrudisha, na kumpa mama maji ya uvuguvugu ya kunywa. Mama ale mlo mmoja zaidi kuliko alivyozoea. Wapo wanaoshauri ulanzi au komoni ili maziwa yaongezeke. Pombe hufanya kinyume, huzuia maziwa kutoka, na nyingine humfikia mtoto.

Kuna jambo ambalo mkunga wa kanda hii hawezi kuliruka. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyokuwa na maambukizi ya VVU ya juu zaidi Tanzania Bara. Mama anayeishi na VVU ananyonyesha. Anameza dawa zake za kufubaza kila siku bila kuruka, mtoto anapewa nevirapini ya kinga tangu kuzaliwa na kupimwa damu akifikisha wiki 4 hadi 6. Naye pia amnyonyeshe maziwa pekee kwa miezi 6, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi kwa ushauri wa kliniki. Ndugu wakishinikiza uji, njoo nao, tutaongea bila kutaja siri yako.

Wapo wanawake wachache ambao maziwa huwa machache kweli: aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, aliyebakiwa na kipande cha kondo, aliyefanyiwa upasuaji wa matiti, au mwenye tatizo la homoni. Kama ni wewe, si uzembe wako. Kuna tunachoweza kutibu, na pale mtoto anapohitaji nyongeza tutapanga pamoja kiasi na namna ya kumpa, huku kile kidogo ulicho nacho akiendelea kukipata.

Usisubiri siku ya kliniki mtoto akikataa kunyonya au akiwa mlegevu na haamki vizuri, akiwa na homa au mwili wa baridi, akipumua kwa shida, akipata degedege, macho au ngozi ikiwa ya njano, au nepi zikiwa kavu na mkojo wa rangi iliyokolea. Mama naye aje haraka titi likiwa jekundu, lina moto na yeye ana homa, na njiani aendelee kunyonyesha titi hilo hilo.