Maji yakichemka ndani ya kinu cha nyuklia

"Kinu cha nyuklia maji yakikauka, si moto unazidi mpaka kinalipuka kama bomu?" Kaniuliza fundi wa rejeta, Kilombero, Arusha.

Hapana, fundi. Kwenye vinu vingi vya leo maji hayapoozi tu. Hupunguza pia kasi ya nyutroni, chembe ndogo zinazopasua urani ili itoe joto, na nyutroni za kasi hazipasui urani kirahisi. Maji yakigeuka mapovu, mpasuko unafifia wenyewe. Urani-238, aina iliyo nyingi zaidi kwenye fueli, nayo ikipata joto hunasa nyutroni zaidi, tena papo hapo, kabla hata maji hayajachemka.

Chernobyl, kinu cha Ukraine kilicholipuka 1986, ilikuwa kinyume: grafiti, aina ya kaboni, ndiyo iliyopunguza kasi, maji yakabaki kumeza nyutroni. Mapovu yalipoongezeka, nguvu ikapanda ghafla.

Ila mpasuko ukizimika, joto la mabaki ya urani iliyopasuka, kama asilimia 6 ya nguvu ya kinu mwanzoni, bado linahitaji maji. Hilo ndilo lililoyeyusha vinu vya Fukushima, Japani, 2011.