Je, wajua kwa nini selfi za uso mmoja zinatoa andatoni, yaani ile rangi ya chini ya ngozi, tofauti?

"Chumbani naonekana wa njano, nje naonekana nina wekundu, sasa andatoni yangu nitaijuaje kwa picha ili ninunue faundesheni?"

Ngozi yako haijabadilika, ni mwanga. Globu ya njano inakupaka njano, kivuli cha nje kinakuja na ubluu wa anga, halafu kamera nayo inakisia kipi ni cheupe ili isawazishe rangi. Ukisimama na ukuta wa kijani nyuma, simu inaweza kuona kijani kimezidi, ikakiondoa na kukuachia upinki usoni ambao huna.

Dawa yake ni karatasi nyeupe. Ishike chini ya kidevu, ipigwe na mwanga uleule unaopiga uso, bila mekapu, na filta zima zote. Piga moja chumbani usiku, nyingine asubuhi mlangoni ukiwa kivulini. Alafu usikimbilie kuangalia uso, anza na karatasi.

Tuseme ni dada wa Sinza anatafuta faundesheni ya sendofu. Kwenye picha ya chumbani karatasi yake imekuwa kama kastadi, na akiipima kwa app ya kusoma rangi anapata nyekundu 240, kijani 222, bluu 180. Karatasi nyeupe hizo namba zingekaribiana, kwa hiyo bluu imepungua na ile njano ya usoni nyingi ni ya globu. Anafungua Snapseed, app ya kuhariri picha, anaingia White Balance, anachukua kile kialama cha kuchagua rangi anagusa karatasi, na ya mlangoni anaifanya hivyohivyo. (Namba zote zikisoma 255 karatasi imeungua na mwanga, piga upya maana hapo haikwambii kitu.) Sasa ndo anaangalia taya na shingo, sio mashavu, maana mashavu mara nyingi yana wekundu au madoa yake. Taya ikibaki ya dhahabu kwenye picha zote mbili, ana andatoni ya joto, na kitenge cha haradali au kahawia nyekundu kwa kawaida kitamkaa. Ikigeuka wekundu wa kuelekea zambarau, ni ya baridi, na faundesheni ya njano itamkaa kama kinyago.

Ila kuna picha hazitengenezeki, na hapa wengi wanapotea. Taa nyingi za LED za bei chee zina mwanga mwekundu kidogo sana, na rangi ambayo haikuwepo kwenye mwanga huwezi kuirudisha kwa kugusa karatasi. Utaijua kwa midomo: karatasi imeshakuwa nyeupe safi lakini midomo bado ya kijivu na ngozi imepauka, hiyo picha futa.

Na picha inakupa andatoni tu, weusi au weupe wa shedi haikupi, kwa sababu simu inaongeza na kupunguza mwanga yenyewe. Kwa hiyo ukifika dukani Kariakoo chukua shedi mbili tatu za andatoni hiyo, paka mistari kwenye taya, toka nje ya duka usubiri dakika kumi ikauke, maana faundesheni nyingi zinakolea rangi zikikauka, halafu chukua ule mstari usiouona.