Hati safi haina maana kwamba hakuna aliyeiba

Dhana: Hati safi inathibitisha kwamba hakuna wizi.

Ukweli: Mkaguzi anapotoa hati safi anasema kwamba taarifa za fedha, katika mambo yote ya msingi, zinaonyesha hali halisi kwa mujibu wa viwango vya uhasibu. Maneno hayo "katika mambo yote ya msingi" wasomaji wengi huyaruka, na ndiyo yanayobeba maana yote.

Chukua kampuni yenye faida ya milioni 200 kabla ya kodi. Wakati wa kupanga kazi, mkaguzi hujiwekea kiwango ambacho kosa likikifikia linaweza kubadilisha uamuzi wa msomaji. Wengi huanzia asilimia 5 ya faida hiyo, yaani milioni 10. Kwa kuwa makosa madogo yakijumlishwa yanaweza kufika huko, upimaji wenyewe huufanya kwa kiwango cha chini zaidi, tuseme milioni 7.

Sasa mtunza fedha anaingiza stakabadhi bandia za mafuta ya gari, 300,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni 3.6. Mkaguzi hapitii kila stakabadhi, anachagua sampuli. Hata moja ya zile bandia ikiangukia kwenye sampuli, ina muhuri, ina sahihi ya aliyeidhinisha malipo, na kiasi kinalingana na daftari. Fedha ilitoka kweli, na vitabu vinasema ilitoka. Hati itatoka safi, na kwa kipimo chake haina kosa.

Wa kumkamata mwizi huyu ni msimamizi wa magari anayelinganisha lita zilizolipiwa na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi. Huo ni udhibiti wa ndani, na kuuweka ni kazi ya uongozi. Mkaguzi naye hajasamehewa: viwango vya kimataifa vinamtaka apange kazi akijua kwamba udanganyifu mkubwa unaweza kuwepo, na akikutana na dalili za udanganyifu, hata wa fedha kidogo, awaarifu wakubwa wanaohusika. Lakini anachotoa ni uhakika wa kuridhisha, ambao haufiki uhakika kamili.

Dhana: Sawa, wizi mdogo unaweza kumponyoka, lakini mkubwa hauwezi.

Ukweli: Unaweza, hasa wakubwa wenyewe wakishirikiana na watu wa nje. Kampuni ya malipo ya Wirecard ya Ujerumani ilipata hati safi mwaka baada ya mwaka kutoka kwa kampuni ya ukaguzi ya EY. Vitabu vilionyesha euro bilioni 1.9 zikiwa kwenye akaunti za amana, mwishoni zikidaiwa kuwa Ufilipino. Juni 2020 benki mbili za huko zilisema nyaraka zilizotajwa kuthibitisha fedha hizo ni za kughushi. Tarehe 25 mwezi huohuo kampuni ikaomba ufilisi.

Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo mtu wa nje anaweza kulielewa vizuri tu. Salio la benki linathibitishwa kwa barua ambayo mkaguzi mwenyewe anaituma benki na jibu linamrudia yeye moja kwa moja. Likipitia kwa mteja, au likitoka kwa mdhamini anayedai kushika fedha hizo kwa niaba ya mteja, nguvu ya ushahidi inashuka. Kwa fedha nyingi kiasi hicho, kwa maoni yangu, hakuna karatasi ya mtu wa kati inayotosha.

Dhana: Hati yenye shaka maana yake fedha zimeliwa.

Ukweli: Huenda, lakini si lazima. Mkaguzi aliyeteuliwa baada ya mwaka kufungwa hakuhudhuria kuhesabu bidhaa ghalani. Akikosa njia nyingine ya kuzihakiki, anaweza kutoa hati yenye shaka ingawa hakuna kilichopotea. Tatizo likienea taarifa nzima, hatua inayofuata ni hati isiyoridhisha kama amethibitisha makosa, au kukataa kutoa maoni kama ushahidi wenyewe haukupatikana.

Dhana: Kampuni yenye hati safi ni salama kuikopesha.

Ukweli: Kampuni inayokaribia kuanguka inaweza kupata hati safi, mradi tu imesema ukweli kuhusu hali yake. Hasara iliyoandikwa sawasawa haichafui hati. Tafuta sehemu ya ripoti inayozungumzia mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli. Humo mkaguzi huandika wazi kwamba maoni yake hayajabadilika kwa sababu ya jambo hilo, kisha anakuelekeza kwenye maelezo ya ziada ya taarifa za fedha, penye habari za mikopo inayoiva na fedha zisizotosha kuilipa. Anayeishia kwenye aya ya maoni hafiki huko. Hata sehemu hiyo isipokuwepo, mkaguzi hajaahidi kwamba kampuni itafika mwakani, kwani tathmini yenyewe inategemea makadirio ya uongozi ambayo kwa kawaida yanatazama miezi 12 tu mbele.